Na Shilingi Moja Tu

Kirikuu ya Marijani, kigari chake cha mizigo, ilisimama mbele ya geti la imambara, ukumbi wa ibada wa Mashia, pale Temeke mchana jua likiwa kali, na nyuma yake, chini ya turubai na mablanketi ya kuazima, ilisimama mimbari. Rosalia alikuwa amekaa huko huko nyuma tangu Mwenge, mkono mmoja ameshika kiti cha juu, mwingine ameshika roho yake. Kila Marijani alipovuka tuta bila kupunguza mwendo, Rosalia alimtolea maneno ambayo binti wa mzee wa kanisa hakupaswa hata kuyafahamu. Baba yake, fundi Leonardi, alikaa mbele na dereva, sanduku la patasi magotini, na njia nzima hakusema neno. Leonardi hakuwa mtu wa maneno mengi. Yeye maneno aliyaweka akiba kama watu wengine wanavyoweka pesa, na alipoyatoa hakuyarudisha.

Alikuwa Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago tangu hajaota ndevu, na pale Mwenge waliomjua walimjua kwa mashetani yake ya mpingo yenye vichwa vya kutisha na miguu ya kuchekesha. Basi fikiria siku alipokuja Bi Shamshad, mjane wa marehemu Remtulla, Mhindi wa Kishia anayetembelea mkongojo, akamwomba amchongee kiti cha kuhubiria chenye ngazi, cha mninga, na kisiwe na sura ya kiumbe hata mmoja. Mafundi wenzake walicheka. Walisema kumwambia Leonardi asichonge sura ni kumwambia jogoo asiwike. Leonardi akakubali. Akachonga majani, akachonga nyota zilizoshikana mikono, akachonga mizabibu inayopanda ngazi kwa ngazi mpaka juu, na wale waliocheka wakawa wanakuja asubuhi kabla ya kazi zao kuja kuangalia tu. Rosalia mwenyewe, aliyezaliwa na kukulia kwenye vumbi la mbao, kuna siku alisimama mbele ya ile mimbari akasahau alichokuwa amekifuata.

Jioni hiyo ndiyo jioni ya kutazamia mwezi. Mwezi ukiandama, Muharram imeingia, na watu wa imambara wanaanza siku zao za maombolezo ya Imamu Husseni. Bi Shamshad alikuwa ameweka nadhiri kwamba maulana, mhubiri wao, atakapopanda kusoma usiku wa kwanza, apande mimbari mpya iliyotolewa kwa ajili ya Remtulla. Si usiku wa pili, si mwaka ujao. Mwaka ujao Bi Shamshad hakuutaja kabisa, na yeyote aliyemwona anavyohema akishuka kwenye bajaji alielewa kwa nini. Leonardi alimpa mkono na kumwambia itakuwemo. Kwa hiyo kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu duniani, mimbari ivuke lile geti kabla jua halijazama.

Aliyelishika geti ni Zaheer, mhasibu wa jumuiya, mtu wa makamo mwenye miwani na shati lililonyooshwa vizuri kupita kiasi. Alitoka ofisini akamwamkia Leonardi shikamoo kwa heshima, akainua pembe ya turubai, akachungulia, akaishusha polepole. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, mashaallah, halafu akaomba karatasi.

Rosalia alimpa ankara kwa madaha kidogo, kwa sababu karatasi ndiyo sehemu yake yeye. Pale kibandani Mwenge kazi ya kuandika walikuwa wanagawana baba na mwana. Rosalia aliandika jina la mteja, aina ya kazi na tarakimu. Kiasi kwa maneno alikiandika Leonardi mwenyewe, kwa mwandiko wa mviringo aliofundishwa shule ya misheni. Alikuwa na sababu yake. Alisema tarakimu mtu yeyote anaweza kuandika, hata mashine inaandika, lakini maneno ni mdomo wa mtu, na mdomo wake hakuazimisha. Wakimaliza, desturi yao ilikuwa Leonardi anasoma maneno kwa sauti na Rosalia anafuata tarakimu kwa kidole, ndipo karatasi inachanwa kitabuni.

Zaheer naye alikuwa na desturi yake. Hakuanza na tarakimu. Alizifunika kwa rula, akasoma maneno peke yake midomo ikicheza, akayaandika pembeni kwa penseli kama alivyoyaelewa, ndipo akaondoa rula kuona kama vitu viwili vinasema jambo moja. Rosalia alimwangalia akifanya hivyo akaona mbwembwe za maofisini. Ndipo penseli ikasimama.

"Sista, hebu soma hapa mwenyewe," Zaheer alisema.

Kwenye kisanduku cha tarakimu, kwa mkono wa Rosalia, ilisomeka 4,600,000. Chini yake, kwa mkono wa baba yake, herufi zimekaa vizuri kama shanga: Shilingi milioni nne na laki sita, na shilingi moja tu.

Rosalia alisoma mara ya kwanza akadhani macho yamemdanganya. Akasoma tena. Akakumbuka asubuhi ile. Marijani alikuwa anapiga simu kila dakika akilalamika kwamba anapoteza wateja, mablanketi hayajapatikana, na yeye akachana karatasi akakimbia nayo. Hawakusomeana. Kwa mara ya kwanza tangu apewe kile kitabu hawakusomeana, na ikawa siku hiyo.

Akacheka, kicheko cha mtu anayetaka jambo liwe dogo. Akamwambia Zaheer alipe za kwenye namba, yaishe. Shilingi moja ni nini, kwanza hata sarafu yake mtaani haipo, ukimpa muuza karanga atakurudishia na maneno juu. Marijani aliyekuwa ameegemea mlango wa gari akaunga mkono, akasema yeye yuko tayari kusamehe hiyo shilingi kwa niaba ya wote.

Zaheer hakucheka, wala hakukasirika. Alikiweka kidole juu ya maneno ya Leonardi kwa uangalifu, kama mtu anayegusa kitu cha mwenyewe.

"Mie siangalii tofauti ni kubwa au ndogo," alisema. "Ingekuwa milioni ningesimama hapa hapa. Namba ni kitu chepesi, sista. Moja unaigeuza nne kwa mkwaruzo mmoja, sifuri unaichomeka mtu akipepesa. Neno huwezi. Ukitaka kuigeuza laki sita iwe laki tisa itabidi ufute, na kufuta kunaonekana. Ndio maana tunaandika mara mbili. Wawili wakisema kitu kimoja, karatasi inaaminika. Wakigombana, anaaminiwa yule mzito. Kwenye hundi hiyo ni sheria kabisa, kinacholipwa ni maneno. Invoisi siyo hundi, ila wakaguzi wetu wanaishika vile vile, na mie nawaelewa. Kwa hiyo baba yako hapa ananidai milioni nne na laki sita na shilingi moja. Namba zako hazinisaidii."

Akamwonyesha oda ya jumuiya, maana pesa za Bi Shamshad zilipitia kwao. Oda ilisema milioni nne na laki sita, kwa tarakimu na kwa maneno, na chini ilikuwa na sahihi za wadhamini wawili. Kulipa zaidi ya oda, hata kwa shilingi, kulitaka sahihi zile zile mbili, na mmoja wa wenye sahihi muda huo alikuwa angani anaelekea Karbala.

Rosalia akasema basi mimbari iingie, karatasi watarekebisha kesho. Ndipo Zaheer alipomwambia jambo ambalo lilimfanya asimame wima.

"Ikivuka hili geti na kuwekwa, ni wakfu. Wakfu hauna kesho. Hauuzwi, hautoki, haurudi kwa fundi. Leo bado ni mali ya mzee Leonardi, akitaka anaondoka nayo. Sasa niingize kitu ambacho hata bei yake hatujui kwa hakika? Ikibaki shilingi moja hatujui ni deni au siyo deni, maulana atapanda juu ya deni la mtu, na watu watalia juu ya deni la mtu. Shilingi moja, ndiyo. Kwa Mungu hakuna chenji, sista."

Rosalia akainamia tena ile karatasi. Alikuwa ameandika ankara nyingi maishani mwake, za twiga wa watalii, za fimbo, za stuli, na siku zote ule mstari wa maneno aliuona kama pambo la wazee, kitu cha kujaza karatasi. Sasa aliuangalia akauogopa. Maneno machache ya wino yalikuwa yameshika mzigo ambao wanaume wanne walihangaika kuupandisha garini, wala yenyewe hayakutoa jasho. Akatazama ile mimbari chini ya turubai, akaitazama ile karatasi, akaona karatasi ndiyo nzito.

Lakini dawa ilikuwepo, na Zaheer mwenyewe ndiye aliyeitaja. Yeye hakuruhusiwa kugusa, kwa kuwa ankara ni ya mwenye kudai, ila mwenyewe angeweza kuifuta na kuandika nyingine papo hapo. Kitabu Rosalia alikuwa nacho kwenye mkoba. Akaenda kwa baba yake, ambaye bado alikuwa amekaa ndani ya gari na sanduku lake magotini, akamweleza kwa haraka. Akafungua ukurasa mpya, akampa kalamu. Milioni nne na laki sita tu, baba, ile moja imeingia kwa bahati mbaya.

Leonardi hakuipokea kalamu.

"Haikuingia kwa bahati mbaya," alisema. "Mama aliisema."

Akasimulia, kwa kifupi kama kawaida yake. Siku Bi Shamshad alipokuja mara ya mwisho kuiangalia kazi, Rosalia akiwa ametoka kwenda kutafuta msasa, yule mama alikaa kwenye kigogo akapapasa ngazi moja baada ya nyingine, halafu akasema, fundi, ni milioni nne na laki sita na shilingi moja. Leonardi akasema sawa mama. Wakapeana mkono. Alipofika kuandika asubuhi ile aliandika kile walichopeana mkono, basi. Hakuona la ajabu. Kila kabila lina mambo yake, na yeye mwenyewe kwao kuna mti haukatwi mpaka umeongeleshwa.

Rosalia akamsihi. Akamwambia oda inasema vingine, akamwambia wadhamini, akamwambia Karbala. Leonardi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema kama ni kulinganisha, basi abadilishe yeye namba zake. Akaambiwa hapo ndipo itazidi oda na geti halitafunguka. Kisha akasema hawezi kuandika kwa mkono wake bei ambayo hakukubaliana na mtu. Kama karatasi yao haiwezi kubeba neno lake, waligeuze gari warudi Mwenge.

Alivyosema hivyo sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomwogopesha binti yake. Akasimama kati ya gari na geti, baba huku, mhasibu kule, wote wawili wakweli, wote wawili wameshikilia neno, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mkaidi. Laiti mmoja wao angekuwa mwongo, kazi ingekuwa rahisi, maana mwongo anabembelezeka. Ndani ya ua vijana walikuwa juu ya ngazi wakifunga vitambaa vyeusi nguzo kwa nguzo. Kivuli cha geti kilikuwa kimeshavuka barabara. Marijani akauliza kama anasubiri au hasubiri ili ajue bei yake, na Rosalia akamtazama kwa jicho ambalo lilimrudisha kwenye usukani bila jibu. Moyoni alikuwa anaomba, na hakujua anaomba kwa dini ya nani.

Bajaji ikasimama nyuma yao. Bi Shamshad alishuka mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Alikuwa amekwisha kuvaa nyeusi. Rosalia akakimbia kumshika mkono, akamwamkia, na yule bibi akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye turubai. Akauliza kwa nini mimbari yake imekaa barabarani kama kabati la mtu anayehama.

Zaheer akatoka akamweleza, kwa adabu, bila kumlaumu mtu. Bi Shamshad akaomba asomewe, kwa sababu macho yake siku hizi hayakubali herufi. Rosalia akasoma, tarakimu kwanza, kisha maneno. Alipofika kwenye shilingi moja aliona haya.

Yule bibi akainamisha kichwa. Mkongojo wake ulichora kamstari kwenye vumbi. Halafu akasogea mpaka dirishani kwa Leonardi, na Leonardi akashuka haraka, akavua kofia.

"Fundi," Bi Shamshad alisema, "umeiandika nadhiri yangu kwenye deni."

Leonardi akasema ameandika alichoambiwa.

"Najua. Umeandika kama nilivyosema, na mtu wa hivyo sijakutana naye siku nyingi. Kosa ni langu, sikukueleza. Sisi nyumbani kwetu hatutoi kitu kikiwa kimetimia. Harusi, msiba, mtoto akizaliwa, tunaweka shilingi moja juu ya hesabu. Kilichotimia kimefungwa, ile moja inafungua mlango. Baba yangu alikuwa anatoa hivyo, na Remtulla alikuwa anatoa hivyo mpaka anaondoka. Sasa bei yako ni milioni nne na laki sita. Hiyo ni haki yako, idai kwa namba na kwa maneno, na Zaheer akulipe mpaka senti ya mwisho. Ile moja sikukupa uidai. Ukiidai, mimi nimeilipa. Na mimi sikutaka kuilipa, baba. Nilitaka kuitoa."

Marijani alizima redio. Rosalia alimwona baba yake akilitafuna lile jambo taratibu, kama anavyofanya akiwa na gogo jipya mbele yake, analizungusha, analigonga, analisikiliza, kabla hajaweka patasi. Alitazama ile karatasi mkononi mwa Zaheer. Akamtazama yule mama. Ndipo mabega yake yakashuka.

"Kwa hiyo nikiandika bila hiyo moja, sijakuvunjia neno," aliuliza.

"Ukiandika bila hiyo moja, ndiyo umeniachia neno langu," Bi Shamshad akajibu.

Leonardi akanyoosha mkono kuomba kalamu.

Walifanya kila kitu juu ya boneti ya kirikuu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kupoteza muda wa kwenda ofisini. Zaheer aliirudisha ile ankara ya kwanza, na Rosalia akaiweka pamoja na nakala zake kitabuni, akachora mistari miwili kutoka pembe mpaka pembe, katikati akaandika IMEFUTWA, baba yake akatia sahihi. Hakuichanachana wala kuificha. Zaheer alimwambia, na yeye alikuwa analijua, kwamba karatasi iliyofutwa inabaki kitabuni na namba yake ili mtu asije akauliza ilikwenda wapi. Kisha akafungua namba iliyofuata, akaweka kaboni, akaandika upya jina la jumuiya, namba ya oda, mimbari moja ya mninga, na kwenye kisanduku akaandika tarakimu zake akizikaribianisha ili sifuri isipate pa kupita. Mkono wake ulikuwa mzito. Hajawahi kuandika sifuri kwa woga namna ile.

Leonardi akainama. Aliandika polepole kama kawaida yake, kalamu ikikwaruza, na wote wakasimama kumzunguka wakiangalia herufi zinavyotoka moja baada ya nyingine. Shilingi. Akainua kalamu, akapumua. Milioni nne. Rosalia alikuwa ameona watu wakikusanyika hivi kumtazama baba yake akichonga, hata siku moja hajaona wakikusanyika kumtazama akiandika. Na laki sita. Kalamu ikasimama hapo, na Rosalia akajua inasimama kwa nini, maana neno lililofuata safari hii lilikuwa la kufunga. Likishaandikwa, hakuna kitakachoongezwa nyuma yake, si na yeye, si na mtu mwingine. Leonardi akaandika neno hilo: tu. Kisha akavuta mstari kutoka hapo mpaka mwisho wa karatasi, nafasi yote iliyobaki ikazibwa.

Hapo walisomeana. Leonardi alisoma maneno kwa sauti yake nzito ya kanisani, Rosalia akafuata tarakimu kwa kidole, na Zaheer akaweka rula yake, akaandika kwa penseli, akaiondoa. Milioni nne na laki sita. Milioni nne na laki sita. Milioni nne na laki sita. Vinywa vitatu, jambo moja, na Rosalia alisikia kitu kikitulia ndani yake ambacho hakujua kwamba kilikuwa kinatikisika tangu mchana. Zaheer akaikagua na oda, akatia sahihi, akagonga mhuri juu ya boneti mpaka bati likalia. Akawaita vijana washuke kwenye ngazi zao waje kubeba.

"Bado," Bi Shamshad alisema. "Bado haijavuka geti. Bado ni ya fundi."

Akashika pembe ya mtandio wake mweusi. Ilikuwa imefungwa fundo, na vidole vyake vilihangaika nalo, lakini Rosalia alipotaka kumsaidia alimkatalia kwa kichwa. Fundo likafunguka. Ndani yake kulikuwa na sarafu ya shilingi moja, ya zamani, yenye picha ya mwenge, imechakaa hadi kingo zimekuwa laini. Mahali alipoipata hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Leonardi aliipokea kwa mikono miwili. Aliikalisha kiganjani akaitazama kwa muda. Rosalia alidhani ataitia mfukoni. Badala yake aliinua turubai, akapapasa ngazi ya chini kabisa, ile ambayo maulana anaikanyaga kwanza, akamwomba Bi Shamshad ruhusa kwa macho. Yule bibi akaelewa, akaziba mdomo kwa mtandio, akatikisa kichwa kukubali.

Fundi akafungua sanduku. Akachagua patasi nyembamba, akalala chali kwenye bodi ya gari kama makanika, akaanza kugonga chini ya ile ngazi, mahali ambapo hapatafikiwa na macho ya mtu. Tak, tak, tak. Unga mwekundu wa mninga ukamwagikia usoni. Alichimba kitundu cha kuenea sarafu na si zaidi, akaibana ndani, akaifunika kwa kipande cha mninga ule ule, akaweka gundi, akakigonga mpaka kikalingana na ubao. Alipopitisha dole gumba, hata yeye mwenyewe hakuupata mshono.

Zaheer alikuwa amesimama kando, kalamu mkononi, kwa mazoea ya mtu ambaye kila kitu kinachoingia lazima akiandike mahali. Aliangalia daftari lake. Akaangalia miguu ya Leonardi inayoning'inia nje ya gari. Kisha akaivalisha kalamu kifuniko chake, akairudisha mfukoni, na miwani akaivua kuifuta ingawa haikuwa na vumbi.

Vijana wakaja, wakashika. Rosalia naye akashika pembe moja, maana alishindwa kukaa pembeni. Bi Shamshad alitangulia na mkongojo wake, geti likafunguliwa pande zote mbili, na jua bado lilikuwa juu ya paa. Walipoinyanyua, Rosalia aliihisi mimbari imekuwa nzito kuliko ilivyotoka Mwenge, ingawa kilichoongezeka ndani yake hakikufika hata uzito wa kokoto.